Kabla Simu Haijapata Mwenyewe Mpya

Picha uliyoifuta kwenye simu ya zamani huweza kubaki mle mle hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili akaitoa. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huhifadhi kila kitu kwa mafumbo. Ukiirudisha katika hali ya kiwandani, ufunguo wa mafumbo hayo huteketezwa. Data zinazobaki hazisomeki.

Ila ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye mipangilio. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuiondoa, simu itamdai mnunuzi nywila yako, na hapo ndipo ugomvi huanza. Memori kadi ichomoe tu, kwani mara nyingi haina fumbo lolote.