Dhahabu Inapokuwa Mdomoni mwa Kila Mtu

Kati ya tarehe 11 na 14 Agosti 2011, shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani swali jepesi: kati ya nyumba na ardhi, hisa, akaunti ya akiba, hatifungani na dhahabu, ni kitu gani kizuri zaidi cha kuwekea fedha kwa muda mrefu? Asilimia 34 walitaja dhahabu. Nyumba na ardhi zilipata asilimia 19, hisa 17. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 5 Agosti, kampuni ya S&P ilikuwa imeishusha hadhi ya Marekani kama mkopaji, na masoko ya hisa yalikuwa yanaporomoka. Wakia moja ya dhahabu iliuzwa takribani dola 1,740.

Wiki tatu baadaye bei rasmi ya London ilifika dola 1,895. Hapo ndipo ilipokomea. Desemba 2015 wakia ileile ilikuwa dola 1,049, yaani imepoteza karibu asilimia 45 ya thamani yake. Wale waliojibu "dhahabu" kwa uhakika mkubwa walikuwa wameitaja karibu kabisa na kilele.

Kisa hiki ndicho kinachopendwa na watu wanaofuata mkondo wa kwenda kinyume na umati: kununua wengi wanapokata tamaa, kuuza wengi wanaposhangilia. Hoja yao si ukaidi, na inafaa kueleweka vizuri. Bei haipandishwi na mtu anayeipenda dhahabu. Inapandishwa na mtu anayetoa fedha leo kuinunua. Aliyekwisha nunua anaweza kuisifu usiku kucha na bei isisogee hata senti. Kwa hiyo swali la maana si "wangapi wanaipenda?" bali "amebaki nani ambaye bado hajanunua?" Basi likishajaa hadi mlangoni, haliongezi abiria hata kondakta akiita kwa sauti gani, linaweza tu kushusha. Vipimo vya hisia za soko ni majaribio ya kuchungulia dirishani na kuhesabu viti.

Kura ya maoni ndiyo dirisha la kwanza, na ndilo lenye ukungu zaidi. Anayejibu simu ya Gallup hatoi hata dola moja. Anasema kilicho kichwani mwake, na kilicho kichwani mwake mara nyingi ni bei ya miezi michache iliyopita. Dhahabu ilikuwa imepanda kila mwaka kwa takribani muongo mzima kufikia 2011, ndiyo maana alama zake zilikuwa juu. Ilipofika 2015 na 2016, baada ya miaka ya kushuka, waliotaja dhahabu walikuwa chini ya asilimia 20. Kura kama hii haitabiri bei, inaifuata kwa nyuma kama kivuli. Thamani yake iko pembeni kabisa ya mizani, pale kivuli kinapokuwa kirefu kupita kawaida.

Ndiyo sababu mimi hupenda kuweka maneno ya watu kando ya mikono yao. Mwezi uleule wa Agosti 2011, mfuko mkubwa wa dhahabu unaouzwa katika soko la hisa la New York, GLD, ulizidi kwa muda mfupi thamani ya SPY, mfuko unaobeba hisa za makampuni 500 makubwa ya Marekani. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo: kwa siku chache, ghala la vipande vya chuma visivyozaa faida lilikuwa na fedha nyingi za wawekezaji kuliko mfuko maarufu kuliko yote wa hisa za nchi tajiri kuliko zote. Huyo hakuwa mtu anayejibu simu. Hizo zilikuwa fedha zilizokwisha ingia ndani ya basi.

Dirisha la pili ni utafutaji wa mtandaoni. Google Trends huonyesha ni kwa kiasi gani watu wanaandika maneno fulani, na Agosti 2011 watu walioandika "gold price" waliongezeka ghafla. Lakini kabla hujaukubali mchoro wake, jua unachokiona. Namba zake zinaanzia 0 hadi 100, na 100 si idadi ya watu; ni siku au mwezi uliokuwa na utafutaji mwingi zaidi ndani ya kipindi ulichochagua wewe. Badilisha kipindi, na mlima wa jana unakuwa kichuguu. Neno nalo linadanganya. Ukiandika "gold" peke yake, utaona mchoro ukipanda wakati wa michezo ya Olimpiki, kwa sababu watu wanatafuta medali. Na hata ukichagua neno sahihi, mchoro haukuambii nia. Tarehe 15 Aprili 2013 dhahabu iliporomoka takribani asilimia 9 kwa siku moja, na watu wakakimbilia mtandaoni kuulizia bei yake vilevile kama walivyofanya ilipokuwa inapaa. Wengine walitaka kuuza kwa woga, wengine walikuwa wanawinda bei nafuu. Utafutaji hupima macho yaliyoelekezwa mahali fulani. Hofu au tamaa iliyo nyuma ya macho hayo lazima uisome kwenye bei yenyewe.

Kipimo chenye hesabu nyingi zaidi ndicho kinachoitwa kipimo cha hofu. Cha hisa ni VIX, kinachotolewa na soko la Chicago. Cha dhahabu, kilichoanza 2008, ni GVZ. Vyote viwili vinatokana na bei ya mikataba inayompa mtu haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa. Mikataba hiyo ni kama bima. Watu wakitarajia bei kuyumba sana, bima inapanda, na kipimo kinapanda nayo.

Namba ya GVZ inasomwa hivi. Tuseme ni 24. Maana yake soko linatarajia mtikisiko wa asilimia 24 kwa mwaka. Ili kupata mwezi mmoja unaigawa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani takribani 3.5, na unapata karibu 7. Kama wakia ni dola 2,000, soko linasema: kwa mwezi ujao, mara mbili katika kila tatu, tunatarajia bei ibaki kati ya dola 1,860 na 2,140. Basi. Halijasema itaelekea upande gani.

Hapo wengi hujikwaa. Kwenye hisa, VIX ikipanda kwa kawaida hisa zinashuka, kwa hiyo kuiita hofu kunaeleweka. Dhahabu haina tabia moja. Mwaka 2011 GVZ ilipanda bei ikiwa inapaa, kwa sababu wanunuzi waligombania haki ya kununua. Aprili 2013 ilipanda bei ikianguka. Namba ileile, habari mbili zinazopingana.

Na kosa la gharama zaidi ni kuchukua hofu ya hisa na kudhani ni furaha ya dhahabu. Tarehe 16 Machi 2020, dunia ikijifungia kwa sababu ya korona, VIX ilifunga siku ikiwa 82.69, juu kuliko siku nyingine yoyote tangu kipimo hicho kianze. Kwa mujibu wa simulizi za mitaani, dhahabu ilipaswa kuruka. Badala yake ilishuka kutoka takribani dola 1,680 hadi 1,470 ndani ya siku kumi hivi. Sababu yake ni ya kawaida sana: waliokopa ili kununua hisa walidaiwa dhamana zaidi, na mtu anayedaiwa fedha taslimu leo huuza kinachouzika, si anachotaka kuuza. Dhahabu inauzika. Miezi mitano baadaye ilipita dola 2,000. Jambo kama hilo lilitokea pia 2008: hofu ilianza kwa kuiangusha dhahabu, na kuipandisha kukaja baadaye.

Sasa turudi kwa mtu wa kinyume, tumwangalie kwa haki. Chukua mwenye akili timamu aliyesoma matokeo ya Gallup Agosti 2011, akauona ule mfuko wa dhahabu, akaona mchoro wa utafutaji, akasema basi limejaa. Akauza kwa dola 1,740. Wiki tatu baadaye bei iko 1,895 na jirani yake anamcheka. Mwishoni mwa Septemba inaanguka hadi kwenye 1,500 na zaidi kidogo, naye anapumua. Lakini Oktoba 2012, zaidi ya mwaka mzima baadaye, dhahabu iko karibu dola 1,790, juu ya bei aliyouzia! Ilibidi angoje hadi Aprili 2013 ndipo ushindi wake uonekane wazi.

Kama aliuza dhahabu yake mwenyewe, alichopoteza katika muda huo ni usingizi tu. Kama aliuza kwa mkopo, akibashiri kushuka huku ameweka dhamana ya asilimia kumi, kupanda kwa dola 155 kungemeza karibu dhamana yote ndani ya wiki tatu. Angekuwa sahihi kuhusu miaka minne na amefilisika kabla ya mwezi kuisha. Vipimo hivi vinasema jambo kuhusu watu. Kuhusu saa havisemi lolote.

Upande wa chini wa soko, ishara huwa safi zaidi kwa maoni yangu. Kila Ijumaa wasimamizi wa Marekani hutoa ripoti ya nani ameshika mikataba ya dhahabu kufikia Jumanne iliyotangulia. Katikati ya 2015 ripoti hiyo ilionyesha jambo ambalo halijawahi kuonekana tangu mwaka 2006, ambapo takwimu za mgawanyo huo zinaanzia: mameneja wa fedha, kwa jumla yao, walikuwa wamebashiri kushuka kuliko kupanda. Anayebashiri kushuka ameuza kitu atakachopaswa kukinunua tena siku moja, akitaka asitake. Huyo ni mnunuzi wa kesho ambaye jina lake tayari limeandikwa kitabuni. Desemba bei iligusa sakafu yake, na kufikia Julai 2016 ilikuwa juu ya dola 1,360.

Ila kuna mnunuzi asiyeonekana dirishani kabisa. Kuanzia 2022, benki kuu za nchi mbalimbali zimenunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Mapema 2024 wawekezaji wa nchi za Magharibi walikuwa wanatoa fedha zao kwenye mifuko ya dhahabu, na bado bei iliendelea kuweka rekodi. Aliyetazama mifuko peke yake aliona basi linashusha abiria na akashangaa kwa nini linakwenda kasi. Oktoba 2024 wafanyabiashara wenyewe wa dhahabu, katika mkutano wao wa mwaka, walikadiria wastani wa takribani dola 2,900 kwa mwaka mmoja mbele. Oktoba 2025 bei ilikuwa imevuka 4,000.

Benki Kuu ya Tanzania nayo hununua dhahabu ya wachimbaji wa ndani kwa ajili ya akiba ya taifa. Benki kuu haiandiki "gold price" kwenye simu wala haipokei simu ya Gallup. Bei ikishuka asilimia tano haikimbii, ikipanda haishangilii, na hununua kwa mpango wa miaka. Kwa hiyo kila ninapouona mchoro wa hisia umefika kileleni siku hizi, naanza kwa kutafuta takwimu za ununuzi wa benki kuu za robo mwaka iliyopita, ndipo narudi kuusoma.