Kwa Nini 13 Kutoa 9?

Walimu wa shule za msingi nchini Japani huweza kukaa vikao kadhaa wakibishania jambo kama hili: mtoto wa darasa la kwanza anapoanza kujifunza kutoa kwa kuvunja kumi, apewe kwanza 12 kutoa 3, au 13 kutoa 9? Anayepita nje atadhani hawana kazi.

Wenyewe huuita utaratibu huu jugyo kenkyu, yaani utafiti wa somo, na mabishano hayo ndiyo mwanzo wake. Ukimpa mtoto 12 kutoa 3, atarudi nyuma kwa vidole: 11, 10, 9. Jibu ni sahihi, lakini kumi hakuigusa. Kwa 13 kutoa 9, kurudi nyuma mara tisa kunachosha, na 9 ni jirani wa 10. Hapo mtoto hushawishika kuchukua 9 kutoka kwenye kumi, ikabaki 1, akaiongeza kwenye 3 akapata 4. Mpango wa somo huandika pia makosa yanayotarajiwa. Kwa mfano, mwingine atajibu 16, kwa kuwa aliona 3 ni ndogo akaitoa kwenye 9.

Siku ya somo mwalimu mmoja hufundisha, wenzake husimama pembeni. Hawaji kumkagua mwalimu. Macho yao yako kwa watoto. Kila mmoja ana ramani ya madawati na watoto wachache wa kufuatilia, naye haruhusiwi kuwasaidia. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika.

Tuseme mtazamaji ameandika: “Dawati la tatu, alihesabu vipande 13, akaondoa 9 kimoja kimoja, akahesabu vilivyobaki.” Wenzake watatu wameona vivyo hivyo. Kwenye kikao cha baadaye aliyefundisha husema kwanza, kisha maelezo huwekwa mezani. Chanzo kinaonekana: vipande viligawiwa vikiwa vimetawanyika, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeiona kumi. Hesabu yenyewe inabaki 13 kutoa 9. Kinachobadilika ni vifaa: kumi ndani ya kisanduku, vitatu nje. Mwalimu mwingine hufundisha somo hilo kwa darasa jingine, nao hutazama tena mikono ya watoto.

Kenya ilionja fikra hizi kupitia mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, ukiwataka walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari kupanga, kutenda, kuona na kuboresha.

Ripoti mbovu hujulikana upesi. Imejaa sentensi kama “wanafunzi walishiriki vizuri”, na ukiuliza ni nani alifanya nini kwa vipande vyake, hakuna ukurasa unaojibu. Ripoti nzuri humwezesha mwalimu ambaye hakuwepo kujua kwa nini kisanduku kile kipo.