Wizi wa Kukodi

Mei 2018, mtu asiyejulikana alipeleka sarafu zake za Bitcoin Gold kwenye soko la mtandaoni, akazibadilisha kwa sarafu nyingine, akatoa alichopata. Wakati huohuo kompyuta zake zilikuwa zikiandika kwa siri daftari jingine la miamala, ambamo sarafu zilezile hazikwenda sokoni bali zilirudi kwake. Daftari lake lilipokuwa refu kuliko la wengine, akalitangaza. Kanuni ya mtandao ni kufuata mnyororo wenye kazi nyingi zaidi, basi amana ikafutika na soko likabaki mikono mitupu. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 18.

Ili mnyororo wa siri uwe na hakika ya kushinda, mshambuliaji anahitaji zaidi ya nusu ya nguvu zote za uchimbaji. Bitcoin Gold ilichimbwa kwa kadi za michoro za kawaida, na nguvu za kadi hizo hukodishwa kwa saa. Hakununua mtambo hata mmoja? Huenda.

Bitcoin yenyewe huchimbwa kwa mashine zisizofaa kwa kazi nyingine, na hakuna soko la kukodi linaloweza kukupa nusu yake. Itakubidi uzinunue, uzitafutie umeme, kisha shambulio liporomoshe bei ya sarafu na kuziacha mashine zako chuma chakavu.

Ukipokea malipo kwa sarafu ndogo, subiri bloku nyingi zaidi kabla ya kukabidhi mali.