Sekunde tisini za alfajiri: jinsi simulizi ya filamu ya ndege inavyoandikwa

Simulizi ya filamu fupi ya wanyamapori ni maandishi yanayosomwa juu ya picha zilizokwisha kupangwa. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na insha au habari ya redio. Mwandishi wa insha huanza na ukurasa mtupu, lakini mwandishi wa simulizi huanza na picha zinazosema mengi peke yake. Kazi yake ni kueleza yale ambayo jicho haliwezi kuyaona, kisha kunyamaza. Filamu ya sekunde tisini kuhusu heroe wanaokusanyika alfajiri kwenye Ziwa Bogoria, katika Kaunti ya Baringo nchini Kenya, inaonyesha vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanyika hatua kwa hatua.

Kinachopimwa kwanza ni muda. Maneno ya Kiswahili hutofautiana sana kwa urefu: “na” ni silabi moja, “yatachafuka” ni silabi tano. Kwa sababu hiyo idadi ya maneno humdanganya mwandishi, na kipimo cha kuaminika zaidi ni silabi. Msimulizi anayesoma kwa utulivu, akipumua mwisho wa kila sentensi, hutamka silabi nne au nne na nusu kwa sekunde. Sekunde tisini zikijazwa maneno mwanzo hadi mwisho, zingebeba karibu silabi 400, lakini filamu ya namna hiyo ingechosha. Mtazamaji asingesikia sauti za ndege wala mngurumo wa chemchemi, na asingepata nafasi ya kutazama kwa utulivu. Nusu ya hesabu hiyo, yaani silabi zipatazo 200, inatosha.

Hatua ya pili ni kuijua mada kabla ya kuandika hata sentensi moja. Bogoria ni ziwa la magadi ndani ya Bonde la Ufa. Maji yake ni makali, pH yake ikiwa karibu 10, na hayana samaki. Upande wa mashariki limezibwa na miamba mirefu ya Siracho, kwa hiyo mbingu hung'aa mapema lakini miale ya jua huchelewa kufika majini. Ufuoni kuna chemchemi za maji ya moto zinazotoa mvuke, nazo huonekana wazi zaidi wakati hewa ya alfajiri bado ni baridi. Wengi wa ndege wanaoonekana hapo ni heroe wadogo, ambao chakula chao kikuu ni viumbe wa kijani-buluu wanaoitwa spirulina, wanaostawi katika maji ya magadi. Rangi ya waridi ya manyoya yao hutokana na chakula hicho.

Jambo moja katika maisha ya ndege hawa hubadilisha simulizi nzima. Heroe mdogo hula kwa kuchuja maji ya juu juu, na mawimbi humkwamisha. Usiku na asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, ndipo maji hutulia na ulaji huwa mwepesi. Mwandishi asiyejua hilo huandika kwamba jua linachomoza na ndege wanaamka. Sentensi hiyo inapendeza masikioni, tena inalingana na picha, lakini si kweli: wengi wa ndege hao wamekuwa wakila gizani. Kosa la namna hii ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa hakuna kitu kwenye picha kinachoweza kulisahihisha.

Hatua ya tatu ni kuyatazama mapangilio ya picha pamoja na saa, na kuandika kando ya kila kipande sekunde kinapoanza na sekunde kinapokwisha. Kwa kawaida karatasi hugawanywa safu mbili: kushoto picha na sauti za mazingira, kulia maneno ya msimulizi. Katika filamu hii ya Bogoria, vipande vinafuatana hivi: mvuke gizani, mstari wa ndege ufuoni, mdomo wa heroe kwa karibu, ndege wakitembea kuelekea chemchemi, furukombe juu ya mti mkavu, kundi likiruka, na mwisho maji yakianza kufanya viwimbi.

Rasimu ya kwanza ya kipande cha pili kwa kawaida huwa kama hii: “Mamia ya ndege wenye rangi ya waridi wamesimama kando ya ziwa huku mvuke ukipanda angani.” Kila neno ni sahihi, na hakuna hata moja linalohitajika. Mtazamaji anauona ufuo, anaiona rangi, anauona mvuke. Asichoweza kukiona ni mahali penyewe ni wapi, kwa nini jua limechelewa, na kwamba ndege hao hawajatoka usingizini. Hayo matatu ndiyo yanayobaki baada ya rasimu kukatwa. Vipande vingine vikifanyiwa vivyo hivyo, simulizi kamili inakuwa hii:

Sekunde 0–10: kimya. Mvuke, mngurumo wa chemchemi, sauti za heroe kwa mbali.

Sekunde 10–22: “Ziwa Bogoria, Kenya. Jua bado halijavuka miamba ya Siracho, lakini heroe hawa wako macho. Wengi wanakula tangu usiku.”

Sekunde 25–40: “Mdomo umepinduliwa. Ulimi unavuta maji na kuyasukuma nje, na vichujio vinabakiza viumbe vidogo mno. Rangi yao inatoka humo.”

Sekunde 45–57: “Maji ya ziwa yana magadi makali. Ili kunywa na kuoga, heroe husogea penye chemchemi, ambako chumvi imepungua.”

Sekunde 60–66: “Ziwa hili halina samaki. Furukombe wa hapa huwinda heroe.”

Sekunde 66–80: kimya. Furukombe anashuka, kundi linaruka.

Sekunde 80–87: “Upepo ukivuma, maji yatachafuka. Kabla ya hapo, kundi linarudi kula.”

Maneno yote ni 72 na silabi ni 194. Msimulizi anasikika ndani ya sekunde 52, na sekunde 38 zinabaki kwa ziwa lenyewe. Kimya kirefu kuliko vyote, cha sekunde 14, kimewekwa pale penye tukio kubwa. Furukombe anaposhuka na mabawa elfu yakapiga maji kwa pamoja, sauti ya mtu ingepunguza nguvu ya picha. Ndiyo maana taarifa ya uwindaji inatangulia: mtazamaji anaambiwa jambo la kutazamia, kisha anaachwa aone mwenyewe.

Sentensi ya pili inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyobeba maarifa mengi zaidi. Heroe hula kichwa kikiwa kimeinamishwa, mdomo wa juu ukiwa chini. Ulimi wake mnene hufanya kazi ya pampu, na kingo za ndani za mdomo zina safu za vichujio vyembamba vinavyozuia chakula maji yanapotoka. Katika rasimu ya kwanza vichujio hivyo vilielezwa kuwa “vilivyo ndani ya mdomo”, na maneno hayo yakaondolewa kwa kuwa picha ya karibu inaonyesha mahali vilipo. Neno “spirulina” nalo liliachwa. Jina geni linalotajwa mara moja tu, bila nafasi ya kulieleza, humfanya msikilizaji asimame akilini wakati filamu inaendelea.

Wakati wa vitenzi nao una kanuni yake. Kinachotendeka kwenye picha husemwa kwa “-na-”: ulimi unavuta, kundi linarudi. Kilicho tabia ya ndege siku zote husemwa kwa “hu-”: heroe husogea, furukombe huwinda. Mwandishi akichanganya hivyo viwili, mtazamaji atadhani jambo la kawaida ni la siku hiyo moja tu, au kwamba jambo lililotokea mbele ya kamera hutokea kila alfajiri.

Hatari nyingine iko kwenye picha zenyewe. Filamu nyingi fupi hukusanya vipande kutoka maziwa na misimu mbalimbali. Kipande cha Ziwa Nakuru kikiingizwa, sentensi ya “ziwa hili halina samaki” inakuwa uongo, kwa sababu Nakuru ilipandikizwa samaki katika karne ya 20, na hata wari wanaokula samaki hukusanyika hapo. Vilevile kuna aina mbili za heroe kwenye maziwa haya. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi, ana manyoya meupe zaidi, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Yeye hutafuta wadudu na viumbe wengine wadogo kwenye tope. Heroe mdogo ana mdomo wa rangi nyekundu iliyokoza. Kama picha ya karibu imechukuliwa kwa heroe mkubwa, sentensi ya sekunde ya 25 haifai tena, hata kama ndege wa kipande kilichotangulia ni wadogo. Njia ya kugundua ni kuutazama mdomo katika kila kipande kabla ya kurekodi.

Yapo pia mambo ambayo mwandishi huyaacha ingawa yanavutia. Idadi ya heroe Bogoria hupanda na kushuka sana. Mvua nyingi zikijaza ziwa, magadi hupungua ukali, chakula chao hupungua, na makundi huhamia maziwa mengine. Kwa hiyo tarakimu inayosomwa kwenye filamu inaweza kuwa ya uongo baada ya miezi michache. Kuzaliana nako hakuna nafasi hapa: heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron, Tanzania, na habari hiyo inahitaji filamu yake.

Simulizi ikishaandikwa hujaribiwa mara mbili. Kwanza filamu hutazamwa bila sauti, na kila sentensi inayorudia kinachoonekana hufutwa. Pili maneno husomwa kwa sauti huku saa ikikimbia. Msomaji akilazimika kuharakisha ili awahi mwisho wa kipande, kinachokatwa ni maneno, pumzi haiguswi. Majina ya mahali, kama Siracho, huulizwa kwa wenyeji ili yatamkwe wanavyoyatamka wao.

Simulizi iliyofaulu hutambulika kwa kipimo kimoja: sauti ya msimulizi ikizimwa, mtazamaji bado anaufurahia uzuri wa alfajiri ya Bogoria, lakini hajui tena kwa nini heroe wako macho, wanakula nini, wanakunywa wapi na wanamwogopa nani. Sentensi yoyote ambayo kuondolewa kwake hakumpotezei mtazamaji jambo haikustahili kuandikwa.