Usahihishaji wa Ripoti ya Jaribio la Pendulamu: Utaratibu, Data na Hitimisho

Sehemu hii inafafanua namna ripoti ya jaribio la fizikia la kidato cha chini inavyoweza kupewa alama kwa vigezo vitatu: utaratibu, ushughulikiaji wa data na hitimisho. Jaribio lililoteuliwa ni la pendulamu sahili, ambamo mwanafunzi hutafuta thamani ya mchapuko wa graviti, g. Limeteuliwa kwa sababu jibu lake linajulikana kabla ya jaribio kuanza, nalo ni takribani 9.8 m/s². Kujulikana huko ndiko kunakomtia msahihishaji mtegoni.

Katika mwongozo unaopendekezwa hapa, ripoti ina alama 20. Utaratibu una alama 6: urefu kupimwa hadi katikati ya tufe (2), mibembeo mingi kuhesabiwa kwa usahihi (2), pembe ndogo (1) na kipimo kurudiwa (1). Data ina alama 8: jedwali na ukokotoaji (3), grafu ya T² dhidi ya L (3) na mteremko (2). Hitimisho lina alama 6: uhusiano wa T² na L (2), thamani ya g inayotokana na mteremko (2), na chanzo cha tofauti kinacholingana na matokeo (2).

Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili waliotumia kifaa kimoja na data zilezile. Walipima urefu wa sm 20, 40, 60, 80 na 100, na kwa kila urefu wakaandika muda wa mibembeo 20. Muda wao ulikuwa sekunde 17.1 kwa urefu mfupi kabisa na 38.1 kwa urefu mrefu kabisa. Wote wawili waliandika kuwa walitamka “moja” mara tu tufe lilipoachiwa. Kwa hiyo, waliposema “ishirini”, tufe lilikuwa limekamilisha mibembeo 19 tu. Grafu yao ni mstari mnyoofu unaopita kwenye chanzo, na mteremko wake ni 3.62 s²/m. Kanuni ni:

```
T² = (4π²/g) L
g = 4π²/3.62 = 10.9 m/s²
```

Kosa la kuhesabu ni la utaratibu, na huko ndiko linakotozwa alama 1. Halitozwi tena katika data, kwani jedwali, grafu na mteremko vimetokana kwa usahihi na vipimo vilivyoandikwa. Kila mmoja anapata 5 kati ya 6 katika utaratibu na 8 kati ya 8 katika data. Kumkata mwanafunzi tena na tena kwa kosa moja ni kupima bahati yake ya mwanzo, si uwezo wake wa kushughulikia data.

Wanatofautiana katika hitimisho. Mwanafunzi wa kwanza aliandika kuwa T² inawiana na L, kisha akaandika g = 9.8 m/s². Mteremko wake hautoi thamani hiyo, ameichukua kitabuni. Anapata 2 kati ya 6, na jumla yake ni 15. Wa pili aliandika 10.9 m/s², akakiri kuwa imezidi, na akataja upinzani wa hewa kuwa chanzo. Anapata alama za uhusiano na za thamani. Hapati za chanzo, kwa kuwa upinzani wa hewa, kwa kadiri unavyoathiri, hurefusha kipindi na hivyo hupunguza g badala ya kuiongeza. Jumla yake ni 17. Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho pekee angempa ushindi aliyeghushi.

Pale ripoti isipoeleza namna ya kuhesabu, grafu huweza kudokeza. Kuhesabu 19 kama 20 huzidisha g kwa (20/19)², yaani takribani 1.11, na mstari huendelea kupita kwenye chanzo. Kupima urefu hadi juu ya tufe badala ya katikati kuna dalili nyingine: mteremko haubadiliki, ila mstari hukata mhimili wa T² juu kidogo ya sifuri. Kwa tufe lenye nusu kipenyo cha sm 1, kimo hicho ni takribani 0.04 s², kiasi ambacho huweza kufichwa na skeli kubwa ya grafu.

Mwongozo huu una mpaka wake. Ripoti huonyesha kilichoandikwa, si kilichotendwa na mikono. Mwanafunzi aliyenakili utaratibu kutoka ubaoni huweza kupata alama zote 6 bila kugusa uzi. Kwa sababu hiyo, alama za utaratibu zithibitishwe na uchunguzi wa mwalimu wakati jaribio linapofanyika. Aidha, kwa kuwa ripoti za sekondari nchini Tanzania huandikwa zaidi kwa Kiingereza, sentensi yenye kasoro za sarufi lakini yenye uhusiano sahihi wa T² na L haina budi kupata alama zake kamili.