Kidonge Kipi, Mpaka Lini? Karatasi ya Kabla ya Upasuaji

Tuseme mama wa miaka 58 anasubiri kufanyiwa operesheni ya ngiri Jumatatu tarehe 15, saa 3 asubuhi. Ana vidonge vya aina tatu: amlodipini ya presha, metfomini ya kisukari, na warfarini ya kuzuia damu kuganda kwa sababu mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. Karatasi aliyopewa kliniki inasema: “Usile wala kunywa chochote baada ya 12:00 usiku. Acha dawa ya damu siku 5 kabla. Endelea na dawa nyingine.”

Kila sentensi hapo ni mtego. Aliyeandika 12:00 alikusudia saa sita usiku, lakini mama akiisoma kwa mazoea yetu ni saa kumi na mbili, kwa hiyo anaamka alfajiri na kunywa chai ya maziwa akijiona bado yumo ndani ya muda. Pengine akafanya kinyume: kwetu dawa hunywewa, na ameambiwa asinywe chochote, basi anaacha hata kidonge cha presha. Akifika chumba cha upasuaji presha imepanda, operesheni inaahirishwa. “Dawa ya damu” nayo ni ipi? Wengi huiita hivyo hata ile ya kuongeza damu. Na “dawa nyingine” inajumuisha metfomini, ambayo kwa kawaida hainywewi asubuhi ya upasuaji.

Anayeiandika upya aanze na sababu, kwa maana mtu anayejua sababu hahitaji kubahatisha. Dawa ya usingizi hulegeza koo na kuzima kikohozi kinacholinda njia ya hewa. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana miongozo mingi ya wataalamu wa usingizi inataka saa 6 zipite baada ya mlo mwepesi, na 8 au zaidi baada ya mlo wenye mafuta mengi, kama pilau au chipsi. Maji matupu hutoka tumboni haraka, hivyo kwa mtu mzima ambaye tumbo lake linafanya kazi vizuri huruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Chai ya rangi iko upande wa maji. Chai ya maziwa na uji, hata uwe mwepesi namna gani, viko upande wa chakula. Hilo liandikwe waziwazi, maana uji ndio watu wengi huuhesabu kuwa si kula. Mjamzito, mwenye utumbo ulioziba na mwenye kisukari kilicholegeza tumbo hupangiwa muda wao na daktari wa usingizi.

Kisha hesabu za siku zifanywe na kliniki, zisiachwe kwa mgonjwa. “Siku 5 kabla” mmoja huanza kuhesabu na siku ya upasuaji yenyewe, mwingine haihesabu, na tofauti ya kidonge kimoja cha warfarini huonekana kwenye kipimo cha damu. Karatasi ya mama huyu, baada ya daktari kuamua kila dawa, ingesomeka hivi:

“Warfarini: kidonge cha mwisho Jumanne tarehe 9 jioni. Jumatano tarehe 10 mpaka Jumapili tarehe 14 usinywe. Usianze tena mpaka uambiwe.

“Jumapili tarehe 14: kula chakula cha usiku, kunywa metfomini ya jioni kama kawaida. Mwisho wa kula ni saa 4 usiku.

“Jumatatu tarehe 15, ukiamka: amlodipini, kunywa kwa maji kidogo. Metfomini, usinywe. Maji matupu, mwisho saa 1 kamili asubuhi.”

Majina yanakiliwa kutoka kwenye maboksi ambayo mama ameyaleta mkononi, kwa kuwa jina la boksi ndilo analolijua. Neno “nyingine” limetoweka kabisa.

Karatasi ikishaandikwa, muuguzi asiulize “Mama, umeelewa?” Jibu litakuwa ndiyo, kwa heshima tu. Aulize: “Jumatatu ukiamka, utakunywa kidonge kipi na utaacha kipi?” Mama akijibu tofauti na karatasi, sentensi hiyo ibadilishwe, kisha asomewe mwingine. Kosa linalorudiwa na wagonjwa wawili watatu ni kosa la maandishi.

Nawe msomaji, usiache wala kupunguza dawa yako kwa kufuata mfano huu. Dozi za insulini na dawa za moyo kila mtu ana zake. Ila ukipewa karatasi isiyotaja jina la kidonge, siku na saa, irudishe dirishani papo hapo uombe viandikwe.