Saketi Inavyoonekana na Mzigo

Mwaka 1883 Léon Charles Thévenin, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, alichapisha kanuni ambayo Helmholtz wa Ujerumani alikuwa ameieleza miaka 30 kabla yake. Chukua saketi ya betri na rezista nyingi upendavyo, toa ncha mbili, A na B. Mzigo utakaofungwa hapo hauwezi kuitofautisha saketi hiyo na betri moja tu iliyofuatana na rezista moja.

Volti za betri hiyo ya mfano ni zile zinazopimwa ncha zikiwa wazi. Ukinzani wake kwa kawaida hupatikana kwa kuzima vyanzo: mahali pa betri weka waya mtupu, mahali pa chanzo cha mkondo acha pengo, kisha hesabu rezista zilizobaki.

Njia hiyo hupotosha pale penye transista. Transista huchorwa kama chanzo tegemezi, yaani mkondo wake unafuata mkondo wa mahali pengine ndani ya saketi. Huna ruhusa ya kukizima, kwa sababu mzigo ukibadilika, nacho hubadilika.

Tuseme betri ya volti 10 inalisha ncha A kupitia rezista ya omu 2,000. Kati ya A na B kuna rezista nyingine ya omu 2,000, na chanzo tegemezi kinachoingiza kwenye A mkondo mara tatu ya ule wa rezista ya kwanza. Ncha zikiwa wazi, kila miliampea 1 kutoka kwenye betri huongezewa 3, na zote 4 hushukia rezista ya pili. Miliampea 1 hupoteza volti 2 kwenye rezista ya kwanza, na 4 huacha volti 8 kwenye ya pili. Jumla ni 10, hesabu imekaa sawa: volti za ncha wazi ni 8.

Sasa unganisha A na B kwa waya, kwenye karatasi. Betri inatoa miliampea 5, chanzo tegemezi 15, jumla 20. Gawanya:

8 V / 0.020 A = 400 Ω

Aliyezima chanzo tegemezi angepata omu 1,000. Kosa lake hujulikana akifunga mzigo wa omu 1,000: anatarajia volti 4, mita inasoma karibu 5.7.

Saketi ikiwa na vyanzo tegemezi pekee, volti za ncha wazi ni sifuri na mkondo wa shoti pia sifuri, hivyo mgawanyo hausemi kitu. Hapo weka volti 1 ya majaribio kwenye ncha, utafute mkondo unaoingia, kisha ugawanye. Jibu laweza hata kuwa hasi, maana chanzo tegemezi chaweza kurudisha nishati nje.

Mezani usipige shoti, transista inaweza kuungua. Pima ncha zikiwa wazi, kisha funga rezista unayoijua. Katika mfano wetu, rezista ya omu 400 itashusha volti 8 hadi 4.